Sanamu za pango la Noeli zinapasuka shingoni, nisaidieni kabla ya Krismasi

Mwl_JumapiliJinja
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, naishi Jinja, Uganda, nafundisha watoto wa Jumapili parokiani. Ninao 14, wa miaka 6 hadi 11. Mwaka huu tumeamua kutengeneza pango wenyewe badala ya zile sanamu za plasta zilizokatika pua.

Wiki mbili zilizopita tulifinyanga Maria, Yosefu, wachungaji na ng'ombe wawili kwa udongo wa kinamasini. Kila sanamu ina urefu wa kama sentimita 20, na ndani tuliweka kijiti ili isimame. Tukazianika juu ya bati, kwenye jua. Siku ya pili zote zilikuwa na nyufa za kusimama, kutoka kifuani hadi chini, na vichwa vitatu vimeanguka. Mchungaji mmoja aliyebaki mzima nilimweka kwenye sigiri apate kuiva, akalipuka paa! Bahati njema watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani.

Nimekosea wapi? Udongo mbaya? Na jambo la pili: nimenunua kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, cha kuwavisha, lakini mama mmoja kaniambia Mtoto Yesu havikwi lubugo. Hakueleza kwa nini.

Kijana_wa_Arua
Udongo wako una mafuta mno, dada. Tia mchanga, nusu kwa nusu, hautapasuka tena. Mimi nilifanya hivyo nikijenga jiko.

MamaPendo254
Achana na udongo. Sisi Kisumu tulitumia unga wa ngano, chumvi na maji, tukakausha kwenye oveni. Vilitoka vizuri sana. Ila tulivihifadhi stoo, na mwaka uliofuata tukakuta mamajusi wawili wameliwa na panya, na wa tatu amelowa na kuota ukungu. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja ni sawa tu 😂

Mfinyanzi_Mstaafu
Mwalimu, udongo wako hauna kosa. Kosa ni kijiti.

Udongo ukikauka unasinyaa. Udongo wa kinamasi unaweza kupungua karibu sehemu moja ya kumi, yaani kitu cha sentimita 20 kinabaki 18. Kijiti hakipungui hata kidogo. Udongo unakibana, unakosa pa kwenda, unachanika. Ndiyo maana nyufa zako zimefuata kijiti. Shingo inatangulia kukatika kwa sababu ni nyembamba, inakauka kabla ya kifua, halafu kifua kikisinyaa kinaivuta. Jua na bati vimeongeza kasi tu.

Huyo aliyelipuka alikuwa bado na maji katikati. Juu kavu, ndani mbichi. Moto ukageuza maji kuwa mvuke, mvuke ukatafuta njia. Ukitaka kujua kama kitu kimekauka, kiguse na shavu lako. Kikiwa na ubaridi, maji bado yamo. Na kitu kinene hivyo, bila uwazi ndani, hakifai motoni hata kikikauka.

Kijana wa Arua hajakosea sana, mchanga unapunguza kusinyaa. Lakini nusu kwa nusu utapata kitu kinachomeguka mikononi mwa mtoto. Sisi tunatwanga vigae vya chungu kilichovunjika, tunachekecha, tunatia konzi moja kwa makonzi matano au sita ya udongo. Ukikunja kijinyoka cha udongo kwenye kidole na kisichanike, umepatia.

Mwl_JumapiliJinja
Asante sana mzee. Lakini bila kijiti watasimamaje? Na nina Jumapili nne tu.

Mfinyanzi_Mstaafu
Usifinyange mtu mzima. Finyanga kichwa na mikono tu, mwili uwe wa kitu kingine. Hata mafundi wa Napoli, ambao mapango yao ni maarufu tangu karne ya 18, vichwa ndivyo walivyofinyanga, na mwili wakaufanya kwa waya na nyuzi.

Mwili wako uwe gunzi la mahindi. Chukua kavu kabisa, likate chini liwe bapa, kimo kama sentimita 14. Lizungushie maganda makavu ya mgomba, yale wanayoita byayi, ukiyafunga kiunoni kwa uzi wa katani. Kwanza yapitishe kwenye maji na uyafunike na kitambaa kwa nusu saa, la sivyo yatachanika ukiyakunja. Chini yaache yatanuke kama sketi, hiyo ndiyo miguu yake.

Kichwa: mtoto aviringe donge la ukubwa wa ndimu. Achukue penseli iliyozungushiwa gazeti, aichomeke kutoka chini hadi katikati ya donge. Pua na masikio vikishatengenezwa, izungushe penseli taratibu, ichomoe. Umepata tundu. Tundu liwe pana kuliko kijiti cha shingo, kwa maana na lenyewe litasinyaa. Pua ya kubandika ikwaruzwe pande zote mbili na kupakwa uji wa udongo, bila hivyo itadondoka.

Anika ndani ya nyumba, juu ya gunia, na nailoni juu bila kubana. Siku tatu hivyo, kisha ondoa nailoni, geuza kila siku. Kwa mvua hizi za Novemba hesabu siku kumi hivi. Kikikauka, chomeka kijiti kwenye gunzi, kichwa juu yake, na gundi nyeupe. Hakuna haja ya kuchoma, mradi pango lisinyeshewe.

NesiEntebbe
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huo udongo wa kinamasini nani aliuchota? Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho. Watoto wasiingie majini, nunueni kwa wafinyanzi.

Mwl_JumapiliJinja
Aisee. Watoto ndio waliochota. Nitazungumza na wazazi.

Mzee_wa_Masaka
Kuhusu lubugo. Mama huyo ana sababu. Kwetu Buganda maiti huviringishwa lubugo. Ukimvika mtoto mchanga, wapo watakaoona sanda.

Lakini lubugo si ya msiba peke yake, wafalme wamevaa tangu zamani, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa kuitengeneza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Mimi ningemvika Yosefu na wachungaji. Haifumuki nyuzi ukiikata, watoto wataipenda. Ikiwa ngumu, ipulizie maji kidogo.

Katekista_K
Mzee, mimi naona hata Mtoto anafaa. Kwenye picha takatifu za Mashariki amefungwa vitambaa kama vya maziko, na hori limechorwa kama kaburi. Ni makusudi.

Mzee_wa_Masaka
Hiyo waeleze wajukuu wangu wa miaka 6, uone watakavyolala usiku.

Mwl_JumapiliJinja
Mrejesho. Vichwa 11 tulifinyanga, 9 vimekauka bila ufa. Viwili vimepasuka utosini. Nadhani ni vya yule mtoto aliyeviweka dirishani ili "viwahi". Yosefu alikuwa anaangukia uso, kichwa kizito, tukamgundisha juu ya kipande cha ubao.

Mtoto Yesu bado hana nguo. Padri kasema tuamue na wazazi, na wazazi hawajakubaliana.

Sasa ng'ombe. Watoto wanataka wa Ankole, wenye pembe ndefu. Za udongo zinakatika. Nimefikiria miiba ya mgunga.

Mfinyanzi_Mstaafu
Miiba inafaa. Ila usiichomeke udongo ukiwa mbichi! Toboa tundu sasa, miiba iingie kwa gundi ng'ombe akishakauka.