Naomba ushauri: hotuba ya kuwashukuru wakunga Mei 5

Habari wanajamvi. Siku ya Wakunga Duniani nimepewa dakika tano kuwashukuru wakunga wa kituo chetu cha afya, huku kijijini, kwa niaba ya kamati. "Asanteni kwa kazi nzuri" kila mwaka imeshachosha. Nataka nieleze usiku mama mmoja alipotokwa damu nyingi baada ya kujifungua: mkunga alimchoma sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, akalikanda tumbo la uzazi mpaka likakaza, mwenzake akitundika dripu na kuita gari la wagonjwa. Damu ilikata kabla gari halijafika.

Shida, kijiji ni kidogo. Hata nisipomtaja mama huyo kwa jina, watamjua. Nimwombe ruhusa, au nieleze kazi yenyewe bila kisa? Na mhudumu aliyefua mashuka yaliyolowa damu usiku ule, nimtaje pia?