Vidonge vya chuma miezi mitatu, chembe za damu bado ndogo: ni upungufu au thalasemia?

BintiSakina: Habari wadau. Niko Arusha, miaka 28. Kipimo cha damu kilitoa himoglobini HGB 12.0, ukubwa wa chembe nyekundu MCV 69, idadi yake RBC 5.6. Nikaambiwa madini chuma yamepungua, nikameza vidonge miezi mitatu bila kuruka. Nimerudia kupima, namba ni zilezile, na ferritini, yaani akiba ya chuma, ni 85. Niongeze dozi? Mwakani naolewa, nataka kujua mapema.

Mangi_Kiboriloni: Dada, chembe ndogo ni chuma hiyo. Ferritini hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe mwilini, hiyo 85 isikudanganye. Endelea na dozi, na chai usinywe karibu na vidonge.

MamaWawili: Mimi ferritini ilikuwa 9, hedhi nzito. Nilimeza vidonge, mwezi wa kwanza tu damu ikapanda. Ila RBC yangu ilikuwa 4.0, nikashangaa kuona yako.

FundiMaabara_Moshi: MamaWawili ameshika penyewe. Chuma kikipungua, uboho hukosa malighafi, kwa hiyo chembe huwa ndogo na pia chache. Mwenye vinasaba vya thalasemia chuma anacho, kasoro iko kwenye kutengeneza protini ya himoglobini. Chembe zake hutoka ndogo lakini nyingi. Gawanya MCV kwa RBC: 69 kwa 5.6 ni kama 12.3. Chini ya 13 huelekea thalasemia, juu yake huelekea chuma. Huo ni mwelekeo tu, wapo wanaoangukia upande usio wao.

Mangi, kuhusu homa uko sahihi, ndiyo maana CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, hupimwa pamoja na ferritini. Lakini homa haielezi RBC 5.6, wala damu kugoma kupanda baada ya miezi mitatu ya vidonge. BintiSakina, ulikuwa na homa siku ile? Na ferritini ilipimwa kabla ya vidonge?

BintiSakina: Homa sikuwa nayo. Kabla ya vidonge haikupimwa.

FundiMaabara_Moshi: Basi hatuwezi kujua kama mwanzoni chuma kilikuwa kimepungua pia, yote mawili huweza kukaa kwa mtu mmoja. Kwa sasa akiba ipo, sioni sababu ya kuongeza dozi, ila muulize daktari kabla ya kuacha. Omba kipimo cha HbA2, aina mojawapo ya himoglobini. Ikizidi 3.5% ni thalasemia ya beta. Ikiwa ya kawaida, thalasemia ya alfa bado inawezekana, nayo imeenea Afrika Mashariki. Kuithibitisha kunahitaji kipimo cha vinasaba.

Kaka_Njiro: Mdogo wangu ana selimundu. Ndiyo hiyo hiyo?

FundiMaabara_Moshi: Hapana kaka, ila zinarithiwa kwa njia inayofanana, na mtu anaweza kurithi zote mbili. BintiSakina, mchumba naye apime: picha kamili ya damu, HbA2 na kipimo cha selimundu, kwa sababu ukiwa na beta naye akiwa na vinasaba vya selimundu, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa.

BintiSakina: Kwao Tanga kuna wenye selimundu. Nitamwambia leo.