Kopo la Bukoba, kopo la Kalehe na mimba ya wiki 14

Koku, Bukavu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Wengi mnajua nilihamia Bukavu kumfuata mume, ambaye kazi yake ni kuonja kahawa inayoletwa kutoka Kalehe. Sasa nina mimba ya wiki 14. Juzi nilikwenda kliniki ya wajawazito, hapa wanaiita CPN, mkunga akaniuliza asubuhi nakunywa nini. Nikasema kahawa. Akajibu "isizidi vikombe viwili", akaita mwingine.

Nilirudi nyumbani roho nyeupe, mpaka nilipofungua kabati. Nina makopo mawili. La kwanza ni kahawa ya hapa, ya milimani. La pili mama amenitumia kutoka Bukoba, pamoja na kifuko cha buni za kutafuna, zile anazopewa mgeni akifika nyumbani. Kahawa ya mama ni kali, ukiinywa saa kumi jioni usiku unahesabu mabati. Sasa vikombe viwili ni vya kopo lipi?

Halafu jirani yangu hapa Ibanda ananiambia, "Mama, acha kunywa kawa, mutoto atatoka mweusi." Hilo nimecheka tu, maana mimi na baba yake hatujapungukiwa weusi. Lakini la makopo naomba anayejua anisaidie.

Barasa, Goma

Dada Koku, hongera. Ushauri wangu ni uache kabisa. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa California uliowafuatilia wanawake wajawazito zaidi ya elfu moja. Waliokuwa wakitumia miligramu 200 za kafeini au zaidi kwa siku, mimba zao zilitoka karibu mara mbili ya wale wasiotumia kabisa. Hiyo si hadithi ya jirani, ni utafiti. Mke wangu alipokuwa na mimba nilimfungia kahawa, akawa anakunywa chai ya maziwa tu, vikombe vitano kwa siku, na mtoto yuko salama.

Mzee Kilindo, Lubumbashi

Binti, kuingiza kahawa ya Bukoba Kongo si mchezo. Ukizidisha kilo chache za zawadi forodha watakuhesabu mfanyabiashara. Nipigie nikueleze makaratasi.

Mwanaidi, Lubumbashi

Mzee Kilindo, shikamoo, mwenzetu hauzi kahawa, ana mimba.

Koku, nilitaka kunyamaza ila maneno ya Barasa yamenigusa pabaya. Mwaka juzi mimba yangu ilitoka ikiwa na wiki 10. Mwanzoni nilikuwa na kichefuchefu kiasi kwamba jirani akikaanga kahawa nafunga madirisha. Wiki ya tisa kikakatika ghafla, kama mtu amezima taa. Nikafurahi, nikarudi kwenye kahawa yangu, vikombe vitatu kwa siku. Siku sita baadaye nikaona damu. Wifi yangu mpaka leo anasema ni ile kahawa. Na mimi, kusema kweli, sijawahi kuwa na jibu la kumpa.

Mama Tausi, Goma

Marahaba wanangu. Nimefanya ukunga miaka 31 kabla ya kuja huku kukaa na binti yangu, nami naanza na Mwanaidi.

Mwanangu, ulichosimulia ndicho kinachowasumbua watafiti wa jambo hili tangu miaka ya 1990. Mimba inaposhika vizuri, homoni zake hupanda, na ndizo huleta kile kichefuchefu. Mwanamke mwenye kichefuchefu kikali huikimbia kahawa mwenyewe, hakuna aliyemkataza. Mimba ambayo haiendelei vizuri, homoni hushuka, kichefuchefu hupoa, na hamu ya kahawa inarudi. Mara nyingi kijusi kinakuwa kimeshakoma kukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya damu kuonekana. Sasa mtafiti akija kuwahesabu wanywaji, atakuta waliopoteza mimba walikuwa wanakunywa zaidi. Kweli walikunywa. Lakini kipi kilitangulia?

Siwezi kukuambia kilichotokea tumboni mwako, sikukuona. Najua tu kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu tangu siku ya kutunga, na kwamba kichefuchefu chako kilikatika kabla hujarudi kwenye kahawa. Mwambie wifi ahesabu siku.

Barasa, utafiti wako upo na hujakosea namba. Wenyewe walijaribu kukihesabu kichefuchefu. Ila kumuuliza mtu "ulitapika?" kwa ndiyo au hapana hakupimi kilikuwa kikali kiasi gani wala kiliisha lini. Mwaka huohuo 2008 kulikuwa na utafiti mwingine Marekani ambao haukuona uhusiano huo.

Njia ya kukata mzizi wa fitina ni kugawa watu kwa kura, nani apate kafeini na nani asipate. Wadenmaki walifanya hivyo, matokeo yakatoka 2007. Walichukua wanawake 1,207 waliozoea vikombe vitatu au zaidi kwa siku. Nusu wakapewa kahawa ya kawaida ya kukoroga, nusu ileile iliyotolewa kafeini. Kundi la pili likapunguza kafeini kwa kama miligramu 180 kwa siku. Watoto walipozaliwa, wastani wa uzito ulitofautiana gramu 16 tu, wala muda wa mimba haukutofautiana. Msilibebe jibu hilo kuliko uzito wake, hata hivyo. Wanawake wale waliingia kwenye utafiti mimba ikiwa imeshakua, wengine ikikaribia wiki ya 20, kwa hiyo halisemi kitu kuhusu mimba inayotoka ikiwa na wiki nane au kumi.

Kwa upande wa uzito, tafiti za kuwafuatilia watu bila kura zinaelekea upande mmoja: wanaotumia zaidi huzaa watoto wepesi kidogo. Waingereza walipoona hivyo mwaka 2008 walishusha kikomo chao kutoka miligramu 300 hadi 200. Wamarekani mwaka 2021 walipima kafeini kwenye damu yenyewe, si kwa kuuliza, na kati ya walio juu kabisa na walio chini kabisa waliona tofauti ya kama gramu 80, na wengi wao walikuwa chini ya 200. Gramu 80 ni kama yai moja na nusu. Kwa mtoto wa kilo 3.2 hutaiona. Kwa mtoto ambaye tayari ni mdogo kwa sababu ya malaria au mama kukosa chakula, mimi sitaki kuichezea.

Ndiyo maana mashirika hayasemi namba moja. Shirika la Afya Duniani linawashauri wapunguze wale wanaozidi 300 kwa siku. Madaktari wa uzazi wa Marekani na mamlaka ya chakula ya Ulaya wanasimama kwenye 200. Mimi nawaambia wangu 200.

Koku, Bukavu

Mama Tausi, asante sana. Lakini miligramu sizioni kwa macho, naona kijiko.

Mama Tausi, Goma

Mume wako ni muonja kahawa, mizani ya gramu ipo nyumbani. Pima unga unaotia kwenye kikombe chako, kila kopo peke yake, uniletee.

Koku, Bukavu

Nimepima. Kikombe changu kikubwa hula vijiko viwili vya kulia, ambavyo kwenye mizani ni gramu 11, makopo yote mawili. Nachemsha kwenye birika, naacha itulie, namimina. Mume amethibitisha: ya Kalehe ni arabika, ya mama ni robusta.

Mama Tausi, Goma

Basi hesabu ni ya darasa la tano. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta ni kama 2.2, wakati mwingine zaidi. Ukichemsha, sehemu kubwa inatoka, kwa hiyo tufanye kama yote imetoka.

Gramu 11 za Kalehe zinakupa kama miligramu 130. Vikombe viwili ni 260, umeshavuka 200. Gramu 11 za Bukoba zinakupa kama 240 kwa kikombe kimoja. Mkunga wako hakukosea, alikuwa na picha ya kikombe kidogo. Wewe una dumu.

Za kutafuna zisikutishe. Buni moja ni punje mbili, na kwa uzito wa punje sidhani inavuka miligramu sita au saba, tena zimeshachemshwa. Tatu nne za kumkaribisha mgeni si tatizo. Kifuko kizima ukiwa unasikiliza redio ni habari nyingine.

Angalia pia dawa za maumivu. Zipo paracetamol zilizochanganywa na kafeini, miligramu 65 kila kidonge. Vidonge viwili vya kichwa ni kikombe kizima cha Kalehe. Soma pakiti.

Barasa, Goma

Mama, nakubali nilikimbilia. Lakini si ni heri kuacha kabisa, asijipe wasiwasi? Chai ipo.

Mama Tausi, Goma

Barasa mwanangu, chai unafikiri ina nini ndani? Kikombe kikubwa cha majani meusi kina kama miligramu 75. Mke wako alikunywa vitano. Piga hesabu uniambie nani alikuwa karibu zaidi na kahawa ya Bukoba.

Tena chai ina la kwake ambalo si kafeini. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na kahawa hufanya hivyohivyo. Nimeona huku akina mama wanameza vidonge vya damu kwa chai ya moto, halafu wanashangaa damu haipandi. Acha saa moja au mbili katikati.

Kuacha kabisa si dhambi. Mwaka 2020 yupo mtafiti aliyekusanya tafiti za nyuma akasema hakuna kiwango salama, wenzake wakamjibu kwamba zile tafiti ndizo zilezile zenye tatizo la kichefuchefu. Anayetaka kuacha aache. Koku ameuliza kiasi, nami nimejibu kiasi.

Mwanaidi, Lubumbashi

Kwa nini basi wasigawe kura tangu wiki ya nne, tujue moja?

Mama Tausi, Goma

Wiki ya nne wengi hawajajua wana mimba. Na wakishajua, kichefuchefu kinavuruga kura yako, uliyempa kahawa hainywi. Utafiti huo sijauona.

Koku, Bukavu

Nimeamua hivi: kikombe kimoja cha Kalehe asubuhi, gramu 11, na mchana chai nyepesi nusu kikombe, mbali na vidonge. Mama Tausi, kuna kitu kingine: zamani kahawa ya saa nne asubuhi ilikuwa imeniisha jioni, sasa usiku bado nimekodoa. Ni mimi au ni mimba?

Mama Tausi, Goma

Ni mimba. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini huondoka kwa kama saa tano. Ini la mjamzito linapunguza kasi, na miezi ya mwisho nusu hiyo inaweza kuchukua hata saa 15. Na yote inapita kwa mtoto, ambaye hana namna ya kuivunja mwenyewe. Ukifika mwezi wa saba, kikombe hichohicho utakisikia kama viwili. Hapo punguza bila kusubiri mtu akuambie.

Koku, Bukavu

Sawa mama. Kopo la Bukoba amelichukua mume, anasema analifanyia kazi. Mama yangu ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nimeipenda, nami nimemjibu inakwisha haraka.