Tupeane uzoefu: nguo yako ya kuogelea ilikushika au ilikuacha majini?

MwanaJambiani
Asalaam aleikum. Naomba tupeane uzoefu wa mikato ya nguo za kuogelea, hasa kwa sisi wanawake tunaoogelea kweli, tunaoruka na kuzamia. Mie nina miaka 34 na nimejifunza kuogelea mwaka jana tu, kwa hiyo haya mambo bado mapya kwangu.

Kisa changu ni hiki. Nilipata wanpisi kwenye mitumba ya Darajani, nzuri, rangi ya zambarau. Juu ni bandoo, haina mkanda hata mmoja wa begani, imepita kifuani kama mtu aliyejifunga kanga. Chini mguu umepanda mpaka juu ya mfupa wa nyonga. Nyumbani mbele ya kioo ilikaa sawasawa. Siku ya siku, bahari imejaa, tumetoka na boti, nikaruka. Kuruka hakukuwa na tabu. Tabu ilikuja niliponyoosha mikono juu kushika ngazi ya boti: nguo yote ya juu ikashuka tumboni. Alhamdulillahi tulikuwa wanawake watupu na nahodha alikuwa kageukia upande wa pili. Dada yangu akanirushia kanga nikajistiri humo humo majini.

Tangu siku hiyo sijaivaa. Nataka kujua kosa lilikuwa saizi au mkato. Tafadhali ukisimulia, sema nguo yako ilifunika wapi na ilishikwa na nini.

Nassra_Chake
Pole shoga. Saizi hiyo. Nguo ya kuogelea ikilowa inalegea, kwa hiyo lazima ununue inayobana, saizi moja chini ya ile unayovaa siku zote. Mie nina bandoo ya vipande viwili, nilichukua ndogo makusudi, na mpaka leo haijawahi kunishuka. Huku Pemba naogelea nayo Vumawimbi, na mawimbi ya pale mnayajua.

CherehaniJangombe
Waaleikum salaam. Mimi ni fundi, nguo hizi nimeanza kuzishona baada ya kuletewa nyingi za kurekebisha. Da Nassra amepatia kwa nguo yake, lakini mwenye mada akifuata ushauri huo atazidi kuumia.

Bandoo ya vipande viwili inashikwa na kitu kimoja, nao ni ule mzunguko wa mbavuni. Haina bega la kuning'inia, kwa hiyo lazima ibane. Ukichukua ndogo kidogo inashika, sawa. Lakini bandoo ya wanpisi imeunganishwa na chini. Ukinyoosha mikono juu mbavu zinapanda, kiwiliwili kinarefuka, na kitambaa kimefungwa msambani hakina pa kwenda. Kama nguo ni fupi kwa mwili wako, kitu cha kwanza kuachia ni kule juu, kwa sababu hakuna mkanda wa kukizuia. Sasa ukichukua saizi ndogo zaidi, unapunguza upana na urefu pia. Inavutwa chini kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo.

Ndiyo maana mbele ya kioo ilikaa. Ulisimama mikono chini. Nguo hii haijaribiwi hivyo. Inua mikono yote miwili juu mara kumi, kisha iname ushike vidole vya miguu, kisha chuchumaa. Kama ukingo wa juu umeteremka hata upana wa kidole, majini utateremka zaidi.

Da Mwana, chukua futi ya fundi. Anza katikati ya bega, shuka mbele kifuani, pita msambani, panda mgongoni mpaka bega lile lile. Usibane, usilegeze. Tuambie umepata ngapi.

MwanaJambiani
Nimepimwa na dada yangu sasa hivi. 162. Mimi ni mrefu wa kiwiliwili, hata gauni zangu kiuno huwa kinakaa juu.

CherehaniJangombe
Basi tumeshalikuta tatizo. Juzi juzi nilikuwa na mteja mwenye kipimo hicho hicho cha 162. Aliniletea wanpisi yenye mikanda, mguu juu kama yako, analalamika mambo mawili: mabega yana alama nyekundu, na nyuma kitambaa kinakusanyika na kupanda. Alitaka nimshonee mguu chini, akidhani mkato ndio unaomvua nguo.

Nikailaza nguo mezani bila kuivuta, nikaipima njia ile ile: 134. Maana yake kila akivaa inabidi ivutike sentimita 28. Nguo ya nailoni na spandeksi inavutika, lakini huo ni zaidi ya moja ya tano ya urefu wake, na muda wote inataka kurudi. Inakula bega juu, na chini inapanda. Mimi nikishona huwa naacha nguo iwe fupi kuliko mwili kwa karibu asilimia 10 tu, kwa hiyo kwake nilitaka ifike kama 148.

Nikaikata kiunoni mlalo, mzunguko mzima, nikaingiza ukanda wa kitambaa cha aina hiyo hiyo wenye upana wa sentimita 7 baada ya kushonwa. Saba mbele, saba nyuma, zikapatikana 14. Nilishona kwa zigizaga na sindano ya vitambaa vya kuvutika, maana mshono ulionyooka unakatika uzi siku ya kwanza tu. Mguu sikuugusa kabisa. Alipovaa, nyuma ikakaa na mabega yakapumua.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Mguu juu unaamua ubavu wa nyonga uonekane kiasi gani. Nyuma kufunikwa ni hesabu nyingine, kuna mguu juu wenye nyuma pana kabisa. Unaponunua igeuze, tazama kipande cha nyuma peke yake. Kisha vuta mpira wa mguu: mbele uwe umelala tu, lakini nyuma chini ya kalio uwe umevutwa kidogo wakati wa kushonwa. Ukiwa umelala pande zote, nyuma itapanda hata kama urefu unatosha.

Babu_Mkunazini
Samahanini kina dada. Sheria ya mavazi hapa Mji Mkongwe ikoje? Nina wageni wanakuja na binti zao, wanapenda kutembea na nguo hizi mpaka sokoni.

MwanaJambiani
Babu, shikamoo. Hapa tunazungumza nguo ya ndani ya maji tu. Wageni wako waambie wakitoka ufukweni wafunike mabega na magoti, kanga moja inatosha.

MwalimuWaKina
Mie nafundisha wanawake na watoto kuogelea kaskazini, upande wa Nungwi. Wanafunzi wangu wengi wanakuja na tankini, kwa sababu tumbo limefunikwa na haja ikibana huvui nguo nzima ikiwa imelowa. Kwa mtu mrefu wa kiwiliwili kama mwenye mada ni nafuu pia, maana juu na chini havijaunganishwa, hakuna cha kuvutana.

Lakini tankini ina ugonjwa wake. Ukiingia majini kwa miguu, maji na hewa vinaingia kwenye pindo la chini na blauzi inapanda mpaka kwapani. Mwanafunzi mmoja aliacha kabisa kuruka kwa sababu hiyo. Tulifanya hivi: ndani ya pindo tukashona vitanzi viwili vidogo vya mpira, kila ubavu kimoja, na kwenye chupi yake vifungo viwili vya bapa. Anavaa, anafunga, anaruka. Mpira uwe mlegevu kidogo, sivyo mtajirudishia tatizo lile lile la wanpisi fupi.

Bandoo, kwa maoni yangu, mtu anayejifunza aiache. Mwanafunzi anayeshika nguo kwa mkono mmoja hawezi kuogelea.

CherehaniJangombe
Hapo sikubaliani nawe mwalimu. Bandoo iliyojengwa inaogelewa. Pindua ndani utazame: iwe na vijiti vya plastiki mbavuni vya kuzuia ukingo usijikunje, mpira mpana juu na mwingine chini ya kifua, na vitanzi vya kuchomeka mkanda. Isiyo na hivyo ni ya kulalia mchangani. Nyingine zina utepe wa silikoni kwenye ukingo, unang'ang'ania ngozi.

Nassra_Chake
Huo utepe wa silikoni ulinitoa vipele mzunguko mzima wa kifua. Chumvi na jasho vilikusanyika chini yake. Wengine wanasema ni mafuta ya jua niliyopaka, maana yanafanya pia uteleze. Sijui kipi, niliung'oa.

UmmuSalma
Mimi navaa burkini, najua si swali lenyewe, lakini kisa cha mwalimu kimenigusa. Kanzu yangu ya juu ilikuwa inaelea kunizunguka kama mwavuli mpaka nilikuwa nahofia kuzama. Fundi aliniwekea vitanzi viwili vya kuifunga kwenye suruali. Kumbe ni ugonjwa mmoja na wa tankini.

Nina swali pia. Binti yangu anavaa ya kufunga shingoni. Akitoka kutazama samaki Mnemba, jioni shingo na kichwa vinamuuma. Ni maji au ni nguo?

MwalimuWaKina
Kama anazamisha uso na barakoa, halafu anainua kichwa kila mara kutazama boti, shingo itamuuma hata akivaa nini. Lakini mkanda wa shingoni unaongeza, kwa sababu uzito wote wa kifua unaning'inia kwenye uti wa shingo. Mpe yenye mikanda iliyopishana mgongoni. Ile inagawa uzito mabegani na haitelezi mtu akipiga mikono.

CherehaniJangombe
Bi Salma, kabla hujanunua, muulize mkanda wa chini ya kifua unabana au unacheza. Ukipitisha vidole vinne kwa urahisi, mkanda haubebi kitu na shingo ndiyo inayobeba. Naweza kuupunguza, kisha tukageuza kamba za shingoni zikapishana nyuma na kufungwa kwenye mkanda huo. Sikuahidi maumivu yataisha, ila utajua yametoka wapi.

MwanaJambiani
Nimeilaza ya zambarau mezani. Haina bega, kwa hiyo nimepima kutoka ukingo wa kifua kupita msambani mpaka ukingo wa mgongo: 94. Mwilini, njia hiyo hiyo, 118. Kwa hesabu yako fundi ilitakiwa ifike kama 106, yaani nimepungukiwa 12. Ndani nimepindua, kuna mpira mwembamba juu na basi. Hakuna vijiti, hakuna vitanzi.

CherehaniJangombe
Basi sita mbele na sita nyuma. Kitambaa cha zambarau hiyo hiyo sitakipata, nitaweka cheusi, kitaonekana kama mkanda wa kiunoni. Na vitanzi nitakushonea, mikanda ipishane mgongoni. Vijiti sitavitia, kitambaa chake ni chepesi, vitakichana.

MwanaJambiani
Nakuletea Jumamosi. Nikiivaa nitapanda ngazi ya boti ile ile, nirudi niwaambie.