MREJESHO: mtoto anageuka nikipiga makofi ila haongei

Niliuliza: "Mwanangu ana miaka 2 na nusu, maneno yake hayafiki kumi, nikipiga makofi anageuka, masikio si yapo sawa?"

Jamani hayakuwa sawa. Daktari kapima kakuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili, yamebaki baada ya mafua ya mara kwa mara, na hayaumi ndo maana sikushtuka. Makofi ni kelele kubwa anazisikia, ila sauti nyepesi kama "s" na "f" zinampita, sasa ataigaje asichokisikia? Nikakumbuka anavyoisogelea tivii, na nikimwita kwa sauti ya chini nikiwa nyuma yake hageuki. Majimaji hayo mara nyingi yanakauka yenyewe, tunarudi kupima baada ya miezi 3, yakigoma watajadili kumwekea vijibomba kwenye ngoma za masikio ili yatoke.