Naomba ushauri: mahindi ya kusaga ninunue Julai au nisubiri Septemba?

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya kusaga hapa Tanga mjini, mahindi nachukua Handeni. Mwaka jana nilinunua gunia 20 mwezi wa saba, 55,000 kwa gunia la kilo 100, nikajiona mjanja. Kumbe yalikuwa mabichi: ukiyatikisa mkononi hayalii. Nilipoyaanika, kila gunia likabaki kilo 94 hivi, yaani kama 585 kwa kilo. Septemba makavu yaliuzwa 62,000. Nikiongeza turubai, vibarua na mifuko ya kuzuia dumuzi, faida yangu imeisha.

Je, mnaonunua mapema mnakata bei ya unyevu vipi? Na nikisubiri Septemba, bei ikipanda zaidi si nitaumia?