Tumelipia makala iwe huria, kopiraiti ina majina yetu, halafu naambiwa niombe ruhusa kutumia mchoro wangu

Kalamu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie.

Makala yetu ilitoka mwaka jana kwenye jarida la huria, yale ambayo msomaji anapakua bure na anayelipa ni mwandishi. Tulilipa dola 1,800 toka kwenye hela ya mradi. Chini ya ukurasa wa kwanza kumeandikwa © Waandishi, na pembeni kuna alama ya CC BY-NC-ND, ile leseni ya Creative Commons inayoruhusu watu kusambaza kazi bila kuifanyia biashara wala kuibadilisha. Mtu yeyote akiona hivyo anajua mali ni ya kwetu.

Sasa hivi naandika sura kwenye kitabu cha mafunzo, kitauzwa, na nataka kuweka mchoro wa 2 na wa 4 toka kwenye hiyo makala. Mchapishaji wa kitabu kanitumia fomu yao ya kawaida, nithibitishe kila mchoro nina haki nao au nina ruhusa ya mwenye haki. Nikajaza mwenye haki ni mimi na wenzangu wawili. Fomu ikarudishwa. Wanasema wameingia kwenye ukurasa wa makala wakabonyeza kitufe cha kuomba ruhusa, mtambo ukauliza kitabu ni cha biashara au la, nakala ngapi, kwa karatasi au onlaini au vyote, halafu ukatoa bei. Kuna na kisanduku cha kutiki kwamba wewe ndiye mwandishi wa makala. Nimekitiki mwenyewe, bei imebaki pale pale kwa sababu kitabu kinauzwa!

Nikawaandikia jarida imeili. Jibu lilikuwa mistari miwili, kwamba waandishi wanabaki na kopiraiti, ila haki za biashara na za kazi zitokanazo na makala ziko kwa mchapishaji kwa mujibu wa mkataba wa leseni. Nikauchimbua huo mkataba, na kweli, ibara ya juu kabisa inasema waandishi wanabaki na kopiraiti, ibara inayofuata inasema waandishi wanampa mchapishaji leseni ya pekee ya kuchapisha, kusambaza, kutafsiri, kutoa nakala za kuuza na kuwapa wengine ruhusa, dunia nzima, kwa muda wote wa kopiraiti. Chini kuna orodha ya tulivyoruhusiwa, tasnifu, darasani, mkutano, kumtumia mtafiti mwenzako. Kitabu cha kuuza hakimo.

Kinachoniuma zaidi ni ile fomu ya kuchagua leseni. Ilikuja makala imeshakubaliwa, una siku chache ujaze ili isichelewe kutoka. Chaguo ni mbili, CC BY ambayo yeyote anatumia hata kibiashara mradi ataje chanzo, na CC BY-NC-ND, bei moja. Pembeni ya hii ya pili wameandika kwamba inazuia wengine kutumia kazi yako kibiashara bila idhini. Idhini ya nani, hawakusema. Mwandishi yeyote anasoma pale anaona analindwa, kumbe anayelindwa ni wao. Wamelipwa kuiweka huria halafu wamebaki na duka. Huu ni wizi na naomba msaada, nimshauri nini mchapishaji wa kitabu?

Doto_Mkali

Mkuu hao wanakutisha tu. NC na ND ni masharti kwa wengine, hayamfungi mwenye kazi. Aliyetoa leseni ya Creative Commons hafungwi na leseni yake mwenyewe, anaweza kuuza, kutafsiri, kukata vipande anavyotaka. Kopiraiti si ina jina lako? Weka mchoro, saini fomu, songa mbele.

Ngalawa77

Pole sana. Mbona hayo majarida ya kitapeli yanajulikana, kwa nini mnapeleka kazi huko? Mimi mtu akiniomba hela tu naondoka.

Kalamu_Kavu

Ngalawa77 hili si la kitapeli, uhakiki ulikuwa wa kweli, raundi mbili, na limeorodheshwa kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida huria. Ndiyo maana nalalamika. Tapeli ningejua la kufanya.

Doto hicho ulichosema ndicho nilichowaambia kwenye imeili na ndipo wakanijibu kwa ile ibara ya leseni ya pekee.

Mtunza_Rafu

Nimefanya kazi maktaba ya chuo kwenye dawati la machapisho, kesi kama hii zinaletwa sana. Doto yuko sahihi kuhusu Creative Commons na amekosea kuhusu hii kesi. Leseni ya CC si ya pekee, ungeitoa wewe mwenyewe isingekuzuia kitu. Lakini hapa kabla CC haijatoka kuna karatasi nyingine imesainiwa, baina yenu na mchapishaji, na hiyo ndiyo ya pekee. Ni kama una hati ya nyumba yenye jina lako lakini umempangisha mtu mmoja kwa maisha yote na umempa funguo zote, jina liko palepale ila kuingia mpaka akufungulie. Baada ya hapo CC BY-NC-ND kwa umma anaitoa yeye, akitumia haki mlizompa. Kwa hiyo msomaji anayetaka kutumia kibiashara anakwenda kwake, na mwandishi pia anakwenda kwake.

Angalia jinsi hizo leseni mbili zinavyotofautiana ukiziweka juu ya mkataba uleule. Mngechagua CC BY, hata kama mmesaini leseni ya pekee, mchapishaji wa kitabu angeuchukua mchoro kama mtu mwingine yeyote, anataja chanzo na leseni, anaonyesha kama kuna kilichobadilishwa, basi. Ile pekee inakuwa haina meno maana kila mtu ameshapewa ruhusa. Kwenye NC-ND meno yapo, kwa sababu biashara na mabadiliko vimebaki nje ya ruhusa ya umma, na vyote viko mkononi mwa mmoja. Na haki hizo zina hela, kwa mfano kampuni za dawa zinanunua nakala za makala kwa wingi kugawia madaktari, na wanaolipwa si waandishi.

Usifuate ushauri wa kusaini tu. Ile fomu ya kitabu ni dhamana, kukitokea dai unalibeba wewe.

Nina maswali mawili. Je mliweka nakala ya awali mahali kabla ya kupeleka kwenye jarida? Na je ile michoro ni chati za data zenu au ni picha?

Bi_Takwimu

Samahani kuingilia, mie ya kwangu ilikuwa jarida la kulipia kusoma, nilisaini kuhamisha kopiraiti yote, sina hata hilo jina la © mnalolilia. Nimeweka PDF yao kwenye ukurasa wangu wa wasifu nimeletewa notisi niitoe. Kwa hiyo na mimi niombe ruhusa kwa kazi yangu?

Mtunza_Rafu

Bi Takwimu, toa hiyo PDF iliyopangwa na jarida, weka lile toleo lako la mwisho baada ya wahakiki, lile faili la kawaida kabla hawajalipanga. Majarida mengi yanaruhusu hilo, mengine papo hapo kwenye ukurasa wako binafsi, mengine baada ya miezi 12 au zaidi kwenye hifadhi ya chuo. Soma sera ya jarida lako.

Kalamu_Kavu

Mtunza_Rafu asante sana. Wa 4 ni grafu ya data zetu. Wa 2 ni mchoro wa hatua za kazi, mwenzangu aliuchora kwa mkono kwenye kompyuta. Nakala ya awali ipo, tuliiweka miezi minne kabla ya kusaini, nimeifungua sasa hivi inasema CC BY 4.0.

Mtunza_Rafu

Hapo kuna njia. CC BY haifutiki, mkishaitoa mmeitoa. Mkataba wa baadaye hauwezi kumnyang'anya mtu ruhusa iliyokwishatoka, kwa hiyo kilichomo kwenye nakala ya awali mchapishaji wa kitabu anakitumia hata kwa biashara. Chanzo mnachotaja ni nakala ya awali na namba yake ya DOI, si makala ya jarida, na mchoro unaukata toka kwenye faili la awali. Usichukue wa kwenye PDF ya jarida hata kama kwa macho ni uleule. Kwenye fomu usiandike wewe ndiye mwenye haki, andika mchoro umetumika chini ya CC BY 4.0.

Wazo hilohilo ndilo kundi la wafadhili la cOAlition S walilotumia mwaka 2020 kwenye mkakati wao wa kubakiza haki, mwandishi anatangaza CC BY kwenye toleo lililokubaliwa mapema, pale anapowasilisha, ili mkataba ukija ukute leseni imeshatangulia.

Hata bila nakala ya awali, wa 4 unaokoleka. Namba zenyewe hazina kopiraiti. Chukua data, chora grafu mpya kwa mpangilio mwingine, taja makala kama chanzo cha data. Kuufuatisha ule wa zamani mstari kwa mstari na kubadili rangi si kuchora upya.

Doto_Mkali

Sawa nimeelewa kuhusu ile pekee. Ila bado nasema, kama kopiraiti ni yake kwa nini asiwashtaki? Walimficha.

Mtunza_Rafu

Kumshtaki mtu kwa mkataba ambao ibara ilikuwepo na saini ipo, sioni atapitia wapi, ila mimi si wakili. Afadhali awaombe wabadili leseni ya makala iwe CC BY. Kwenda toka kali kwenda legevu kunawezekana wakati wowote mwenye haki akikubali, kurudi nyuma ndiko hakuwezekani. Wengine wanakubali, wengine wanakaa kimya.

Na uwaandikie DOAJ pia. Fomu yao ya kuomba kuorodheshwa inauliza kama waandishi wanabaki na kopiraiti bila vizuizi. Angalia jarida lako lilijibu nini, kama ni ndiyo, watumie ile ibara.

Ngalawa77

Sasa nimeelewa, nilijua tatizo ni ile dola 1,800. Kumbe bora ungelipa hiyo hiyo ukachagua CC BY. Mimi nilikuwa naikwepa CC BY nikijua mtu atauza kazi yangu.

Kalamu_Kavu

Nimelinganisha mafaili mawili. Mchoro wa 4 ni uleule, huo unaenda kwenye kitabu kwa CC BY 4.0. Mchoro wa 2 una shida, mhakiki wa pili alitaka tuongeze hatua mbili na kubadili mishale, kwa hiyo ulio kwenye nakala ya awali una hatua tano na wa kwenye makala una saba. Wa hatua saba ndio sahihi na ndio wanafunzi wanaouhitaji. Nikiongeza hizo mbili juu ya ule wa zamani sijui wataita nini.

Mtunza_Rafu

CC BY inaruhusu kubadilisha, kwa hiyo kuanzia kwenye ule wa hatua tano si kosa. Wazo la hizo hatua mbili halina mwenyewe, mchoro wake ndio wenye mwenyewe. Andika hatua hizo kwa maneno yako na uzipange upya, usiwe na faili la jarida wazi pembeni. Mpaka wenyewe uko wapi hasa, kwenye mchoro wa mishale na visanduku, wanasheria wawili watakupa majibu mawili. Mwonyeshe mchapishaji wa kitabu michoro yote mitatu, wa hatua tano, wa hatua saba na huo mpya, aamue.

Kalamu_Kavu

Nimemtumia yote mitatu jioni hii. Jarida nimewaandikia kuomba CC BY, nikataja ibara, na nikauliza kwa maandishi kwa nini fomu yao haisemi idhini ni ya nani. Barua ya DOAJ naiandika kesho na mwenzangu. Wakijibu naweka hapa neno kwa neno.